Kadi Ina Mwenyewe

Siku hizi kila kikao cha harusi kina mtu wa kunyooshewa kidole: wewe umesoma, tutafsirie kadi. Watoto wetu wanaoa na kuolewa Birmingham, Maskati na Toronto, kadi inafika kwenye simu, na ndugu wa upande mmoja hawasomi lugha ya upande wa pili. Mwaka jana zamu ilikuwa yangu, katika harusi ya kijana wa kaka yangu aliyeoa Uingereza. Vijana wa kamati walidhani ni kazi ya jioni moja, kwa kuwa kadi yenyewe haikuzidi mistari kumi. Mimi nilijua si hivyo, kwa sababu kadi za harusi ndizo zilizonipa riziki ya kwanza maishani.

Nilipomaliza chuo, nikisubiri kupangiwa shule, nilipata kibarua katika duka la uchapaji mjini Tanga. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na pale dukani herufi zilikuwa zinapangwa kwa mkono, moja moja, kinyume, kisha zinafungwa kwenye fremu. Kazi yangu ilikuwa kusoma nakala ya kwanza kabla mashine haijaanza. Mzee mwenye duka alinifundisha kutoisoma kadi kwa kuanzia jina la bibi harusi, kama wasomavyo wageni. Mteja akifika na karatasi yake, mzee aliuliza kwanza: “Nani anaalika?” Halafu: “Kadi inakwenda kwa nani?” Mpaka apate majibu hayo mawili hakugusa hata herufi moja.

Mstari wa kwanza wa kadi ya Kiswahili ni wa familia. Maharusi huja baadaye, wakiwa watoto wa watu: “Familia ya Bw. na Bi. Fulani wa Chumbageni inayo furaha kukualika Bw./Bi./Bw. na Bi. … katika harusi ya mtoto wao mpendwa …” Ule mstari wa nukta hujazwa kwa kalamu, na mwandiko wake nao ni heshima, mtu mzima akipokea kadi yenye nukta tupu anajua kwamba amekumbukwa njiani. Chini huja kanisa au msikiti, saa, ukumbi, na pembeni majina ya watakaopokea majibu. Mpangilio huu ni sauti ya wazazi, na wazazi wenyewe wako juu ya kadi kama wenye nyumba wanavyosimama mlangoni.

Siku moja alikuja kijana aliyefiwa na baba. Aliyekuwa akiisimamia harusi yake ni baba yake mkubwa, kaka wa marehemu. Kadi ya Kiswahili haikuwa na taabu: “Familia ya marehemu Mzee Fulani wa Muheza, pamoja na Bw. na Bi. Fulani wa Tanga, wanayo furaha kukualika katika harusi ya mtoto wao mpendwa.” Taabu ilikuwa nakala ya Kiingereza, iliyotakiwa kwa ajili ya watu waliowahi kufanya kazi na marehemu na ambao walikuwa wamesharudi kwao. Kijana alikuwa amekwisha kuitafsiri, neno kwa neno, na tafsiri yake ilimfanya baba yake, aliyekuwa kaburini, atie sahihi kwenye mwaliko.

Sisi tukisema familia ya marehemu fulani, tunaitaja nyumba. Mwenyewe amekwenda, lakini nyumba bado ina jina lake, na jina hilo ndilo linalokaribisha wageni. Kadi rasmi ya Kiingereza haina nafasi hiyo. Kwa adabu zake mwenye kualika lazima awe hai, kwa kuwa ndiye atakayesimama mlangoni na ndiye atakayejibiwa. Marehemu hatupwi, ila husogezwa chini, akatajwa kando ya jina la mwanawe: mwana wa Bi. Fulani na wa marehemu Mzee Fulani.

Kulikuwa na fundo jingine ndani ya yale maneno “mtoto wao”. Kwetu baba mkubwa ni baba, na mtoto wa ndugu yake wa kiume ni mwanawe. Wala hamwiti mpwa, maana mpwa wa mwanamume ni mtoto wa dada yake. Kiingereza kina neno moja tu kwa wote wawili, na neno hilo lingemshusha yule mzee kutoka kwenye ubaba. Lakini kuandika kwamba kijana ni mtoto wake kungewachanganya waliomjua baba aliyemzaa. Mzee wa duka alikaa na karatasi ile kwa muda, kisha akatoa dawa ninayoitumia hadi leo: pale ambapo lugha ya pili inakulazimisha kutaja udugu kwa namna itakayomuumiza mtu, usiutaje. Juu ya kadi ya Kiingereza aliwaweka mama mjane na baba mkubwa kwa majina yao kamili, kama wenye kualika. Chini, bwana harusi akatajwa kuwa mwana wa mama yake na wa marehemu. Baba mkubwa akabaki mlangoni, na hakuna aliyemwandika uongo wala kumpunguzia cheo.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwalimu Unguja, nililetewa kadi ya Kiarabu kutoka Maskati. Familia ya mume ilikuwa kule, ya mke ilikuwa Mji Mkongwe, na binamu wengi walikuwa Uingereza. Kadi ile ilimtaja bwana harusi kwa jina lake, la baba na la babu, lakini bibi harusi hakutajwa kabisa. Alikuwa “karima” wa fulani, yaani binti mheshimiwa wa baba yake, na hapo basi. Kwa nyumba nyingi za Oman hiyo ni stara, kwamba jina la binti halitembezwi kwenye karatasi mikononi mwa wanaume wasiomhusu.

Mama wa binti alitaka jina la mwanawe lionekane. Alisema kwa upole, huku akimwaga kahawa, kwamba yeye amemzaa na amempa jina, na majirani zake wa Unguja watataka kujua ni yupi kati ya mabinti zake anayeolewa. Wazee wa Maskati nao hawakutaka litajwe. Ningekuwa nadhani tafsiri ni kioo, ningekwama pale. Lakini kadi za upande wa mke zilikuwa zinatolewa na upande wa mke, kwa wageni wao, ndani ya nyumba yao. Kwa hiyo Kiarabu kilibaki kama kilivyo. Kiswahili kilianza na Bismillahi na salamu, kikaitaja familia ya mke kuwa ndiyo yenye kualika, na binti akatajwa kwa jina. Kiingereza cha binamu kikawataja wote wawili. Zikawa kadi tatu za shughuli moja, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Nilichohakikisha ni kwamba wazee wa pande zote wameziona zote tatu kabla hazijachapwa. Hilo si jambo dogo: kadi ya lugha nyingine huishia mikononi mwa yule ambaye hakuandikiwa, na simu za siku hizi zimezidisha hilo.

Mama huyo aliniachia somo jingine. Katika rasimu ya Kiingereza iliyofanywa na mpwa wake, yeye na mumewe waliandikwa kwa mtindo wa zamani wa Waingereza, Bwana na Bibi, kisha jina la mume peke yake. Mwanamke wa Kiislamu wa pwani hachukui jina la mume. Ni binti wa baba yake hadi anazikwa. Nilimwandika kwa jina lake na la baba yake, baada ya jina la mumewe, na binamu wa Uingereza walimtambua bila shida.

Ila kilichokaribia kuharibu shughuli ni siku. Rasimu ya Kiswahili ilisema nikaha itafungwa “usiku wa Ijumaa, baada ya sala ya Isha”. Mpwa akaweka Ijumaa, saa mbili usiku. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, na ya Waarabu pia, siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya ukutani huuita Alhamisi usiku. Binamu wangetua siku moja baada ya nikaha. Nililishuku jambo hilo kwa sababu tarehe iliyoandikwa mbele yake ilikuwa ya Alhamisi. Tangu hapo sitafsiri siku bila kuilinganisha na tarehe kwenye kalenda, na zikipishana simpigii mchapaji, nampigia mzee aliyeipanga siku. Kwenye Kiswahili naandika “Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa”, na kwenye lugha ya pili naitaja Alhamisi peke yake. Sala nayo nairudisha kwenye saa, kwa kuwa Isha na Alasiri hazikai mahali pamoja: Unguja husogea kidogo tu mwaka mzima, lakini mtu anayeishi London amezoea Alasiri inayohama kwa saa nyingi kati ya kiangazi na baridi, na hawezi kukisia.

Ndipo nakuja kwenye harusi ya mwaka jana. Kadi ilitoka kwa wazazi wa binti, kwenye karatasi nene isiyo na maua, na ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha adabu. Wazazi hawakusema “mimi” wala “sisi”. Walijitaja kwa majina, kana kwamba mtu wa tatu anawasemea, wakaomba kupata furaha ya kuwa na mgeni wao katika ndoa ya binti yao na kijana wetu. Binti aliandikwa kwa jina la kwanza tu, kwa kuwa la ukoo limeshatajwa juu yake. Kijana kwa majina yake kamili. Pembeni chini, herufi nne: RSVP, na tarehe ya mwisho ya kujibu.

Kaka yangu aliposomewa alinyamaza. Baadaye wifi yangu akaniambia kinachomsumbua: “Sisi tuko wapi humu?” Kwao Waingereza, kwa mila, ndoa hualikwa na wazazi wa mke. Kwetu Bara upande wa mke hufanya sendofu, na harusi ni ya upande wa mume. Ndio wenye kamati, michango na kadi. Kadi ile ikitafsiriwa ilivyo na kusambazwa kwa wazee wetu, wangesoma kwamba kaka yangu anaalikwa kwenye harusi ya mwanawe kama jirani. Hakuna sentensi ya Kiswahili, hata iwe nzuri vipi, ambayo ingeondoa maana hiyo, kwa sababu haikuwa kwenye maneno. Ilikuwa juu ya kadi, palipokosekana jina.

Nilimwomba kaka atoe kadi yake. Kijana alizungumza na wakwe zake watarajiwa, akawaeleza kwamba baba atawaalika watu wake kwa mlango wake, idadi ikiwa ileile waliyokubaliana, nao wakafurahi. Kadi ikatoka hivi:

“Familia ya Bw. na Bi. Fulani wa Tanga na Dar es Salaam, kwa kushirikiana na familia ya Bw. na Bi. Fulani wa Uingereza, inayo furaha kukualika wewe, … , katika ibada ya ndoa ya watoto wao wapendwa. Ibada itafanyika Jumamosi saa 7:30 mchana kwa saa za Uingereza, na itafuatiwa na chakula. Kufika kwenu ndiyo zawadi yetu. Tafadhali tupatie jibu kabla ya tarehe …”

Maneno mawili matatu hapo yanahitaji maelezo. Kadi ya Kiingereza iliwaomba wageni wasilete zawadi. Ukimwambia shangazi mtu kwa Kiswahili asilete kitu harusini, umemfungia mlango. Ndiyo maana ombi hilo likageuka kuwa “kufika kwenu ndiyo zawadi yetu”, naye mwenye kuelewa akaelewa, na mwenye kuja na kitenge chake akaja nacho. Saa nayo iliandikwa kwa tahadhari. Kiingereza kilisema moja na nusu mchana, nasi tunahesabu kuanzia alfajiri, hivyo ni saba na nusu. Lakini ilikuwa Agosti, Uingereza ikiwa nyuma yetu kwa saa mbili, na nusu ya ukoo ingetazama ibada kwa simu ikiwa Dar es Salaam. Kwa hao niliongeza mstari wao peke yao: saa 9:30 alasiri, Afrika Mashariki. Harusi hiyohiyo ingekuwa Desemba, tofauti ingekuwa saa tatu.

Na kuna lile neno “wewe”, likifuatiwa na nukta. Kadi zetu nyingi za nyumbani husema wewe na familia yako, au zinaandikwa dabo kwa watu wawili na singo kwa mmoja. Kadi ya Kiingereza haisemi hivyo. Anayealikwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa, na asiyeandikwa hayumo, hata kama ni mtoto wa kunyonya. Kwa hiyo kila nukta niliijaza majina kamili baada ya kumuuliza wifi, nyumba kwa nyumba.

Kadi ni nusu ya kazi. Majibu yalianza kuingia kwenye WhatsApp, na upande wa binti ulitaka orodha ya majina kwa ajili ya mpishi. Waingereza hujibu kwa sauti ileile waliyoalikiwa, kwa majina na si kwa “mimi”: Bwana na Bibi fulani wanawashukuru Bwana na Bibi fulani kwa mwaliko wao, na wanafurahi kuukubali, au wanasikitika kwamba hawataweza. Ni ndiyo au hapana. Majibu yetu yalikuwa mazuri na marefu, na mengi hayakuwa ndiyo wala hapana.

“Tumepokea, tunamshukuru Mungu, tuko pamoja,” aliandika mmoja. “Inshallah tutajitahidi,” akaandika mwingine. Baba mdogo wa Korogwe alituma dua ya aya nzima, akawasalimu wazazi wote, na hakusema kama anakuja. Vijana walitaka kuyaandika yote kuwa ndiyo. Nilikataa. Anayetaja tarehe ya safari, au anayeuliza atalala wapi, huyo anakuja. Anayesema atajitahidi mara nyingi anakuomba usimlazimishe kukataa, kwa kuwa kukataa harusi ya ndugu hadharani ni kama kukataa udugu. Na “tuko pamoja” huweza kuwa ahadi ya mchango tu. Jibu la namna hiyo halitafsiriki mpaka aulizwe mwenyewe, na anayeuliza lazima awe wa rika lake. Baba mdogo hakupigiwa simu na bwana harusi; alipigiwa na kaka yangu, ambaye hakumuuliza kama anakuja. Alimuuliza kama pasipoti yake bado ina muda. Baba mdogo akasema miguu inamsumbua, na atamtuma mwanawe mkubwa awe mwakilishi.

Mwakilishi naye hana nafasi katika jibu la Kiingereza. Aliyealikwa hawezi kumpa mtu mwingine kiti chake bila kumuomba mwenye shughuli. Nikaandika kwa Kiingereza barua mbili badala ya moja: ya kwanza, baba mdogo anashukuru na anasikitika kwamba afya haimruhusu kusafiri; ya pili, kutoka kwa kaka yangu kwenda kwa baba wa binti, ikimuomba kwamba mtoto wa mdogo wake apokelewe kwa niaba ya baba yake. Ilijibiwa kwa ukarimu siku hiyohiyo. Michango iliyokuja pamoja na majibu niliiondoa yote kwenye tafsiri na kumkabidhi mweka hazina wa kamati; ilikuwa ni mambo ya nyumba yetu, na kuyapeleka kwa wakwe kungewafanya wadhani wanalipiwa chakula.

Upande wa pili nao ulikuwa na udhuru wake. Tulikuwa tumewaalika wazazi na babu wa binti kwenye sherehe ya kuwapokea maharusi Dar es Salaam. Babu alijibu kwa mstari mmoja rasmi: anashukuru kwa mwaliko mwema, anasikitika hawezi kuukubali kwa sababu ana ahadi nyingine ya awali. Kwa Kiingereza ni adabu kamili, wala haitakiwi kueleza ni ahadi gani. Kwa Kiswahili, jibu hilo likisomwa kikaoni, ingesikika kwamba mzee ana shughuli anayoiona kubwa kuliko yetu. Sikumtungia ugonjwa wala safari. Nilimuuliza binti kama babu ataniruhusu kumpanulia maneno, naye babu akaruhusu, akaongeza kwamba angependa mama mkwe wa mjukuu wake asalimiwe kwa jina. Katibu wa kamati akaisoma hivi:

“Kwa wazazi wenzetu wapendwa. Tumepokea mwaliko wenu kwa heshima kubwa na tunawashukuru kwa kutukumbuka. Kwa masikitiko tunawaarifu kwamba tumeshikwa na udhuru uliotangulia, hivyo hatutaweza kufika. Mioyo yetu iko nanyi, tunawaombea shughuli njema, na tunawakabidhi mtoto wetu mikononi mwenu. Tunamsalimu kwa namna ya pekee mama yake mpya.”

Wazee waliitikia kwa makofi. Kisha baba mdogo, ambaye alikuwa ameletwa kutoka Korogwe kwa gari, akauliza nani ataandika barua ya kumshukuru mzee mwenzake kwa salamu zile, maana salamu hazilali bila jibu. Wote wakanigeukia. Nikauliza kwanza itatoka kwa nani, na ilichukua robo saa kukubaliana kwamba itatoka kwa baba mdogo mwenyewe.